Omba kabla dirisha halijafungwa

Swali la wiki: "Leo ndiyo siku ya mwisho ya kutuma maombi, na umeme umekatika au basi limekufa njiani. Ukiomba kuongezewa muda utasikilizwa, au unajisumbua tu?"

Inategemea nani anayepokea. Kama ni mfumo, mfano ule wa ajira za serikali, saa ikifika unajifunga wenyewe, na si haki ofisa amfungulie mmoja wakati wenzake wamebaki nje. Huko muda ukiongezwa, huongezwa kwa tangazo na kwa wote. Lakini kama maombi yanapokelewa na watu, kwa baruapepe au kwa bahasha, basi yupo wa kuzungumza naye. Nimewahi kuwa katibu wa kamati ndogo hapa Dodoma iliyokuwa ikilipia ada za kozi fupi, na maombi ya aina hiyo yalikuwa yakianzia kwangu.

Kitu cha kwanza tulichoangalia ni saa ambayo ujumbe umeingia. Mwisho ukiwa saa 5:59 usiku, aliyeandika saa 11 jioni ametoa taarifa. Aliyeandika kesho yake asubuhi anajitetea, hata kama umeme ulikatika kweli. Wengi huponzwa na ile "utarudi sasa hivi": wanasubiri, giza linaingia, simu nayo inazima. Chaji ikibaki kidogo na umeme hauna dalili, tuma kwanza ombi la kuongezewa muda, kisha endelea kusubiri. Umeme ukirudi mapema, tuma maombi yako kwa wakati, hujapoteza kitu.

Kitu cha pili ni ukubwa wa unachoomba. Kijana mmoja wa Mpwapwa alikuwa steshenari akingoja kuskani karatasi ya mwisho, umeme ukakatika. Akaandika kwa simu:

"Ndugu Katibu, nimeambatanisha fomu niliyojaza pamoja na cheti changu cha kidato cha nne. Imebaki barua ya mtendaji wa kata. Ninayo mkononi ikiwa na muhuri, ila sijaweza kuiskani kwa sababu Mpwapwa mjini hakuna umeme tangu saa 9 alasiri. Nimeipiga picha kwa simu, nayo naiambatanisha. Naomba mnipokelee nakala safi kesho kabla ya saa 4 asubuhi."

Mwenyekiti alikubali bila mjadala. Hakuwa ameombwa kuongeza muda wa maombi. Aliombwa kusubiri karatasi moja ambayo tayari alikuwa anaiona, hadi saa iliyotajwa. Kamati haikulazimika kumpendelea mtu, kwa maana maombi yenyewe yalikuwa yameshaingia ndani ya muda. Wiki hiyohiyo tulipata ujumbe mwingine: "Naomba mnisaidie, huku kuna changamoto ya umeme." Hakuna jina kamili, hakuna kiambatanisho, hakuna saa. Ungemjibu nini huyo?

Ushahidi nao una mtego wake. Watu hutuma picha ya tangazo la TANESCO la katizo la matengenezo, wakidhani limewamalizia kazi. Tangazo hilo huwa na maeneo na saa, na mara nyingi hutolewa kabla. Mjumbe mkali atauliza: ulijua tangu jana kwamba Alhamisi hakuna umeme, kwa nini hukutuma Jumatano? Kwa hiyo litume, lakini useme ulilipata lini. Hitilafu ya ghafla ina utetezi mzuri zaidi, hasa ukionyesha kwamba kazi ilikuwa imefika mbali kabla haijatokea.

Kwa basi, tunza tiketi, kwa sababu kinachosomwa pale ni saa ya kuondoka. Aliyetoka Singida saa 12 asubuhi gari likamfia Manyoni anaeleweka, maana kwa kawaida angefika mchana na kuiwahi ofisi. Aliyepanda la saa 8 mchana kuja kwenye ofisi inayofungwa saa 9:30 alasiri hana hoja. Hata gari lisingeharibika, angeshuka stendi ya Nanenane ofisi imeshafungwa. Na ukikwama, piga simu ukiwa palepale barabarani. Ukiweza, mwombe ndugu aliyeko mjini akapeleke nakala, halisi uzilete mwenyewe.

Kwa maombi ya nje ya nchi, soma kwanza saa iliyoandikwa ni ya wapi. Tangazo likisema 23:59 GMT tarehe 15, kwa saa zetu ni saa 8:59 usiku wa kuamkia tarehe 16, kwa hiyo una saa tatu zaidi ya ulivyodhani. Likisema 23:59 AoE, yaani hadi tarehe hiyo iishe kila mahali duniani, una hadi saa 8:59 mchana wa tarehe 16. Hapo pengine huhitaji kumwomba mtu chochote, ni kutafuta tu penye umeme.