Barua ya mapendekezo kwa Kifaransa, shule ya bweni

"Mwanafunzi wangu wa kike anaomba shule ya bweni, wanataka barua yangu kwa Kifaransa na changu ni cha kuungaunga. Nianzeje?"

Mwalimu, ukurasa mmoja unatosha. Juu weka Madame la Directrice au Monsieur le Directeur, usiweke Cher, na cheo hichohicho ndo unakirudia mwishoni: Je vous prie d'agréer, Madame la Directrice, mes salutations distinguées.

Katikati ndo kwenye kazi. Maksi watazisoma kwenye ripoti, wewe waambie kile ripoti haina, na kwa bweni wanataka kujua kama mtoto ataishi vizuri na wenzake na kujisomea bila kusukumwa, kwa hiyo eleza tukio moja uliloliona mwenyewe, mfano alivyokuwa anabaki jioni kumwelekeza mwenzake hesabu. Sentensi fupifupi, Kifaransa kirefu ndo kinakosewa.

Halafu jinsia, hapa ndo tunateleza sana sababu tumezoea "yeye" kwa wote. Ukianza na elle iwe elle mpaka mwisho, na sifa ziifuate, yaani sérieuse sio sérieux. Ukimaliza ipitie tena ukitafuta hilo tu, afu weka sahihi, cheo chako na namba ya simu.