Sabuni, maji na entropi

Yaya ameuliza: "Mikia ya sabuni ikikusanyika kwenye misela, entropi si inashuka? Basi nani anaisukuma mikia pamoja?"

Yaya, maji ndiyo yanayosukuma. Molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia wa mafuta; misela ni kifurushi chenye mikia ndani na vichwa nje, na entropi ni kipimo cha njia ambazo molekuli zinaweza kujipanga. Molekuli za maji zilizo kando ya mkia wa mafuta haziwezi kushikana nao, kwa hiyo zinageuka zishikane zenyewe kwa zenyewe, na njia zao za kujigeuza zinabaki chache. Mikia ikijificha pamoja maji hayo yanaachiwa, na entropi yao inapanda kuliko ile ambayo sabuni imepoteza.

Jamaa aliyejibu kabla yangu anasema mafuta "yanachukia" maji. Matokeo amepata, sababu bado. Angalia butani, ambayo ni kama mkia mfupi usio na kichwa, kwenye nyuzi 25: kuitoa kwenye butani kioevu na kuitia majini kunagharimu nishati huru ya karibu kilojuli 25 kwa moli, ingawa joto la kama kilojuli 4 linatoka. Ingekuwa chuki, ingedai joto! Weka kwenye ΔG = ΔH − TΔS, ambapo ΔG ni badiliko la nishati huru, ΔH ni joto, yaani entalpi, T ni halijoto na ΔS ni badiliko la entropi; utaona −TΔS ni karibu 29, yaani gharama inatoka kwenye entropi. Misela ni safari hiyohiyo kinyume.

Lakini vichwa vyenye chaji vinasukumana, ndiyo maana sodiamu dodesili salfeti, kisafishaji cha aina ya sabuni, haiundi misela mpaka ifike kama milimoli 8 kwa lita. Maelezo haya pia ni ya maji ya kawaida: ukiyapasha hadi karibu kuchemka, sehemu ya entropi inapungua sana na entalpi inachukua nafasi.