Oda za kutilia shaka: angalia ni kadi ngapi zimejaribiwa

"Wakuu, nina duka la mtandaoni hapa Kampala, nauza spika na chaja. Oda za kadi zimeanza kunitia wasiwasi. Niweke sheria gani rahisi bila kufukuza wateja wazuri?"

Ndugu yangu, mimi natumia pointi. Oda ikifika pointi 3 inasimama, haipakiwi mpaka mtu aiangalie.

Malipo kukataa ndo muhimu zaidi, ila usihesabu mara zilizokataa tu. Mteja wa kawaida kadi yake ileile inaweza kugoma hata mara nne, salio halitoshi au OTP imechelewa, huyo hana shida. Wa kuogopa ni yule anayebadilisha kadi, tarakimu 4 za mwisho zinakuja tofauti kila akijaribu, maana yake ana lundo la namba za wizi anatafuta ipi bado inafanya kazi. Kadi tatu tofauti ndani ya saa moja naweka pointi 2. Na usihesabu kwa IP peke yake, huku data ya simu watu wengi wanatokea kwenye IP moja, utawafungia wasio na hatia. Hesabu kwa namba ya simu, imeili na akaunti pia.

Idadi, angalia oda zako za nyuma. Kama spika watu huchukua 1 au 2, kuanzia 5 weka pointi 1. Mfanyabiashara wa Kikuubo akitaka nyingi lazima aombe upunguze bei, mwizi haulizi bei kabisa, anauliza mzigo unatoka saa ngapi.

Anwani kutofautiana nayo pointi 1 tu, usiifanye kubwa, kwa sababu watoto wetu walioko London na Dubai wananunulia wazazi Mbarara kila siku, kadi ya kule mzigo wa huku, na hao ni wateja wazuri sana.

Kuna oda tulipata usiku, spika 8 za aina moja, kadi tatu zikakataa ya nne ikapita, kadi ya nje, mzigo Ntinda. Hapo ni 2+1+1, pointi 4, ikasimama. Asubuhi tukampigia, akasema tusipeleke Ntinda, atatuma boda achukue. Tukamwambia sawa, ila alipe kwa mobile money iliyosajiliwa kwa jina lake na ile ya kadi tunamrudishia. Akang'ang'ania hela ya kadi tumrudishie kwenye namba ya simu!! Hapo usikubali hata akilia. Hela irudi kwenye kadi ileile ilikotoka, kwa sababu mwenye kadi akilalamika benki kwake baada ya wiki kadhaa, wewe utakatwa tena na ile uliyotuma kwa simu haipo. Sisi tuliirudisha kwenye kadi siku hiyohiyo, na ile namba haikupokea simu tena.