Etiketi moja inajaa, zingine tupu

*Swali:* Mimi ni sekretere wa shule hapa Lubumbashi. Nina orodha ya wazazi 210 katika Excel, nataka kuchapa etiketi za bahasha. Word inajaza etiketi ya kwanza tu kwa kila karatasi. Nikikopi mwenyewe kwenye zingine, jina moja linajirudia mara 24. Tena namba za simu zinapoteza sifuri ya mbele. Nifanye nini?

*Jibu:* Mama, angalia karatasi yako ya pili katika yale matokeo ya kwanza: haianzi na mzazi wa pili, inaanzia wa 25. Maana yake Word haikukwama. Ilipita kwa majina yote, lakini etiketi 23 hazikuwa na maagizo ya kuandika chochote.

Kila etiketi, isipokuwa ya kwanza, inabeba alama «Enregistrement suivant». Ndiyo inayoiambia Word ishuke mstari mmoja katika orodha. Ulipobandika kwa mkono uliifuta alama hiyo, basi Word ikabaki kwa mzazi yuleyule karatasi nzima.

Usibandike tena. Panga etiketi ya kwanza peke yake, ile ya juu kushoto: jina, avenyu na namba, kartiye, komini, simu. Kisha, katika Publipostage, bofya «Mettre à jour les étiquettes». Word itanakili mpangilio huo kwa zote na kurudisha alama yenyewe. Hakikisha tu ya kwanza haina alama hiyo, la sivyo mzazi wa kwanza atarukwa.

Simu sasa, na hapa sikushauri uiache hivyo, maana huku kwetu anayepeleka bahasha Katuba au Ruashi hupiga simu kabla ya kutafuta nyumba. Excel imehifadhi namba kama hesabu, na sifuri ya mbele haina thamani katika hesabu. Hata ukiifanya ionekane kwa kubadilisha umbo la seli, Word inaweza kuchukua kilichomo ndani, si kinachoonekana. Ongeza kolone mpya, uipe kichwa Simu2. Kama namba ziko kolone E, andika kwenye mstari wa 2 (Excel ya Kifaransa):

```
=TEXTE(E2;"0000000000")
```

Sifuri ni 10 kwa sababu namba zetu zina tarakimu 10. Vuta fomula mpaka chini, hifadhi, funga Excel. Katika Word chagua faili upya kwa «Utiliser une liste existante», weka Simu2 mahali pa ile ya zamani, halafu bofya tena «Mettre à jour les étiquettes». Wengi husahau huo mbofyo wa pili, wakapata simu nzuri kwa mzazi mmoja tu.

Malizia kwa «Modifier des documents individuels»: zitatoka kurasa 9, ya mwisho ikiwa na etiketi 18. Chapa ya kwanza kwenye karatasi ya kawaida, kipimo 100 %, uilaze juu ya karatasi ya etiketi na kuinua zote mbili dirishani. Kama mistari ya chini imepanda, printa imepunguza ukurasa.