Skani safi, mbona daktari hasemi amepona?

"Mamangu kamaliza kemo ya titi, skani safi, lakini daktari hataki kusema amepona. Anatuficha?"

Hawafichi, dadangu. Skani haioni uvimbe wa chini ya milimita chache, na hata huo mdogo una mamilioni ya seli. Ndiyo maana husema "haionekani", si "imekwisha". Shangazi yangu hapa Malindi aliambiwa hivyo hivyo. Mwaka wa 6 ikazuka kwenye mfupa wa nyonga. Huko ndiko kurudi. Ingekuwa haikutoweka, ikazidi kukua akiwa kwenye dawa, wangesema imeendelea. Saratani ya titi inayolishwa na homoni yaweza kurudi hata baada ya miaka 10, basi neno "kupona" hulichelewesha. Kama kaandikiwa tembe za kuzuia homoni, asiziache kwa sababu ya skani safi.