Lipa mdogo mdogo ya sola: je, inafaa kwa mashine ya kukatia nyasi za ng'ombe?

Swali: Nauza mashine za stima za kukatakata matete hapa Njoro. Nataka wafugaji walipe kidogo kila siku kwa M-Pesa, na asiyelipa mashine ijizime, kama zile sola. Itafanya kazi?

Jibu: Malipo ya polepole yatafaa. Kufunga mashine na kudai kila siku, hapana.

Tazama kwanza sola ilikuwa imesimama juu ya nini. Kampuni ya M-KOPA ilipoanza kuuza sola hizo mwaka 2012, mteja alitoa amana, kisha shilingi 40 au 50 kwa siku kwa mwaka mmoja. Pesa hizo hazikuwa gharama mpya. Tayari zilikuwa zinaishia kwenye mafuta ya taa. Asipolipa, nyumba ilikuwa giza usiku huohuo. Tena kufuli lilikaa ndani ya kifaa kinachotawala betri, kwa hiyo kulikwepa si rahisi.

Mfugaji wako hanunui kitu kila siku ambacho mashine itakiondoa. Ukiifunga, atarudia panga, atanung'unika tu. Na mota ya stima fundi yeyote wa mtaani ataiunganisha moja kwa moja, akiruka kufuli lako.

Zaidi ya yote, mapato yake huja mwisho wa mwezi, ushirika unapolipa maziwa. Basi chukua amana na umiliki unaobaki kwako hadi deni liishe, ila malipo yapitie makato ya ushirika.

Tuseme mashine ni 30,000, amana 6,000, na pamoja na faida yako zinabaki 28,800. Mwenye kupeleka lita 12 kwa siku, kwa shilingi 45 lita, hupata 16,200 kwa mwezi. Ukikata 2,400 kila mwezi, hasikii sana. Kiangazi kikija lita zikashuka hadi sita, makato yaleyale yanakula karibu thuluthi ya malipo yake. Hapo ndipo maziwa huanza kwenda kwa mchuuzi wa pikipiki anayelipa taslimu.

Kwa hiyo kata kwa lita: shilingi saba. Kwa lita 12, deni linaisha kwa siku 343 hivi. Miezi mitatu ya lita sita itasogeza mwisho kwa siku 45, na hilo livumilie, lakini lihesabu kwenye mtaji wako: mashine kumi zitafunga 240,000 baada ya amana, na zitarudisha kama 25,000 tu kwa mwezi.

Omba ushirika ukupe lita za kila mteja kwa wiki. Wote wakishuka pamoja, ni kiangazi. Mmoja akishuka peke yake na majirani wako palepale, mtembelee wiki hiyohiyo: ama ng'ombe ni mgonjwa au amekaushwa ajiandae kuzaa, ama maziwa yamepata mlango mwingine. Na kama ushirika wenyewe huchelewesha malipo, usianze nao, maana mkulima ameshaanza kuukimbia kabla yako.