Niliiita Feki Mashine Halisi kwa Sababu ya L Moja

Wiki iliyopita msomaji alinitumia picha ya boksi la mashine ya kunyolea, akauliza: "Kaka, hii ni Philips yenyewe au ya kuigiza?" Niliitazama kama sekunde mbili nikamjibu, kwa sauti ya mtaalamu, kwamba ni feki kwa kuwa Philips ina L mbili. Akaiacha, mtu mwingine akaichukua.

Philips ina L moja. Ndivyo lilivyoandikwa jina la ukoo la Gerard Philips na baba yake Frederik, walioanzisha kampuni hiyo Eindhoven, Uholanzi, mwaka 1891. L mbili nilizitoa kwenye bisibisi ya nyota, ambayo imepewa jina la mtu mwingine kabisa, Henry Phillips wa Marekani. Nimeshamwomba radhi yule msomaji. Hakunijibu, na simlaumu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mimi mwenyewe niliwahi kuibiwa kwa jina hilihili. Muuzaji alinitumia picha moja, boksi limepigwa kwa ubavu, upande wa kushoto ukiwa karibu na kamera. Rangi ya bluu ilikuwa sawa, nembo yenye nyota na mawimbi ilikuwepo, nikalipa. Mzigo ulipofika, boksi lilisomeka PHILIPPS. Mashine ilinyoa mara tatu ikaanza kung'oa nywele. Nilirudi kwenye ile picha nikiwa nimejaa hasira, na P ya ziada ilikuwepo muda wote!

Kwa nini sikuiona? Kwanza, msomaji mzoefu hasomi herufi mojamoja. Akishaona PHIL kwenye rangi anayoijua, akili humalizia jina lenyewe. Pili, boksi lililopigwa kwa ubavu hubana herufi zilizo mbali na kamera, kwa hiyo PPS ya mwisho ilichukua nafasi ambayo PS ingechukua. Hapo ndipo herufi ya ziada hupenda kujificha. Siku hizi, muuzaji asipotaka kunitumia picha iliyopigwa mbele kwa mbele, namaliza mazungumzo.

Ninachofanya sasa ni kulisoma jina kinyumenyume, kutoka kulia, nikiandika kila herufi kwenye karatasi: S, P, I, L, I, H, P. Ukisoma hivyo akili haina neno la kumalizia. Halafu nahesabu: saba. Lile langu lingenipa nane, na kwenye karatasi PP zingekaa zimeongozana bila aibu. Kisha nalinganisha na jina lililo kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, si na kumbukumbu yangu (mmeona kumbukumbu yangu ilivyonitenda). Kuandika jina kwenye kisanduku cha kutafutia hakutoshi, kwa sababu mtandao mara nyingi hukurekebishia kosa kimyakimya na kukuletea matokeo ya jina sahihi, ukadhani uliloandika ndilo.

Sehemu ngumu ni katikati, ILI. Kwa herufi kubwa hiyo ni mistari mitatu iliyosimama, na tofauti pekee ni kale kamguu ka L. Picha ikishapitia programu za kutumiana ujumbe hubanwa ili iwe nyepesi, na vitu vidogo kama kamguu hako ndivyo huyeyuka kwanza, hivyo ILI, LII na III zinafanana. Kuikuza hakusaidii, unapata ukungu mkubwa badala ya ukungu mdogo. Mwambie muuzaji asogeze kamera mpaka jina lijaze picha, kisha aitume kama faili. Kama bado kamguu hakaonekani, jibu la kweli ni "picha hii haitoshi". Ningelisema hilo wiki iliyopita, nisingekuwa naandika haya.

Omba pia picha ya ubavu na ya nyuma. Waigaji wengine huharibu jina mbele kwa makusudi lakini wakanakili maandishi madogo ya nyuma jinsi yalivyo, basi boksi moja linabeba majina mawili. Lakini usikimbilie kulaani kila herufi yenye umbo geni: A ya kwenye nembo ya Samsung haina mstari wa katikati, na ndivyo kampuni ilivyoichora. Umbo ni jambo moja, tahajia ni jingine. Na jina lililoandikwa sawasawa halithibitishi kwamba kilichomo ndani ni halisi, maana mwigaji hodari hakosei herufi. Njia hii hunasa wale wanaobadilisha jina tu.

Jana nimeichukua upya picha ya yule msomaji nikaiandika kinyumenyume. Saba, L moja, mbele na ubavuni.